Jinsi ya kujipima kifua, kiuno na hipsi nyumbani kwa futi ya fundi

Sare ya harusi ikishachaguliwa na kitenge kikishagawiwa, ujumbe unaofuata kwenye kundi la WhatsApp huwa ni uleule: kila mtu atume vipimo, fundi anaanza kukata Jumatatu. Hapo wengine wanatuma namba za gauni la mwaka juzi, wengine wanaandika "saizi 14", na wapo wanaopima juu ya dera usiku baada ya chakula. Fundi yuko mbali, mwili haoni, na anakata kwa namba alizopewa. Kitenge nacho hakivutiki. Kikikatwa kidogo, hakuna namna ya kukibembeleza kikupite mapajani.

Maelezo haya ni ya mtu anayejipima mwenyewe, nyumbani, kwa ajili ya gauni la kitenge linaloshika mwili. Kwa dera au gauni la kumwagika huhitaji kuhangaika kiasi hiki. Kwa nguo ya kitambaa cha kuvutika, kosa la inchi moja linaweza kupita bila mtu kulijua. Kwenye kitenge halipiti.

Ikague futi kabla ya kuiamini

Unahitaji futi laini ya fundi, ile ya kukunjwa, si ile ya chuma ya fundi seremala. Nyingi zina sentimita 150 kwa upande mmoja na inchi karibu 60 kwa upande wa pili. Ncha zake zina vibati. Angalia vizuri sifuri inaanzia wapi: kwenye nyingi inaanzia ukingoni kabisa mwa bati, lakini zipo ambazo bati limefungwa vibaya au limeng'oka, na kipande cha mwanzo kimeondoka nalo. Futi ya namna hiyo ikikuambia 40, mwili wako una chini ya 40.

Tatizo jingine ni kuvutika. Futi ya kitambaa iliyokaa miaka kwenye droo ya cherehani, imevutwavutwa na watoto, inarefuka. Chukua rula ya shule ya sentimita 30, laza futi mezani bila kuivuta, na uilinganishe na rula kuanzia sifuri hadi 30. Kisha sogeza rula ianzie kwenye 30 ya futi, uone kama mwisho wake unaangukia kwenye 60. Rudia tena hadi 90. Usiishie kwenye 30 za mwanzo, kwa sababu vipimo vya mwili wa mtu mzima viko huko mbele, kati ya 70 na 120, na tofauti ndogo kwenye kila kipande hujumlishana. Ukifika 90 na tofauti imefika nusu sentimita, nunua nyingine. Futi mpya haina bei ya kukufanya uharibu kitenge cha doti nzima.

Mafundi wetu wengi wanafanya kazi kwa inchi, kwa hiyo pima kwa inchi na uandike inchi. Kila inchi kwenye futi imegawanywa kwa vistari, mara nyingi vinane: kistari cha nne ni nusu, cha pili ni robo. Huhitaji kuwa mkali kuliko robo. Ila kuwa macho na namba 6 na 9 futi inapokuwa imegeuka juu chini kiunoni. Kila fundi amewahi kuletewa kipimo kisichoingia akilini kwa sababu hiyo.

Uvae nini, na upime saa ngapi

Vaa nguo za ndani tu: sidiria na chupi. Sidiria iwe ileile utakayoivaa na gauni siku ya shughuli. Ukipima na sidiria laini ya kulalia kisha siku ya harusi ukavaa yenye sponji, kifua kinapanda na kuongezeka, na sehemu ya mbele ya gauni itavuta. Vivyo hivyo kwa taiti za kubana tumbo. Kama hutaki kuingia ukumbini bila yake, pima ukiwa umeivaa. Ila uwe umeamua kweli, maana gauni litakuwa limeshonwa kwa umbo hilo, si kwa lile la kawaida.

Kwa nini usipime juu ya nguo? Kitambaa chenye unene wa milimita 2 tu kikikuzunguka mwili mzima kinaongeza zaidi ya sentimita 1 kwenye kipimo, karibu nusu inchi. Khanga uliyojifunga ni nyembamba, lakini pale inapopishana na kusokotwa inakuwa na matabaka kadhaa, na futi inakaa juu ya fundo badala ya mwili. Wenye kuvaa shanga kiunoni nao wazisogeze juu au wazivue. Futi ikipita juu ya nyuzi tatu nne za shanga, inakaa mbali na mwili kila upande, na hiyo ni namba ya shanga.

Kiuno hakiko vilevile kutwa nzima. Baada ya ugali wa mchana kinaongezeka, jioni kinaweza kuwa kipana kuliko asubuhi, na siku za hedhi wengine hujaa tumbo. Mimi napendelea kati ya asubuhi na mchana, saa kama mbili baada ya kula chakula cha kawaida. Wapo wanaopima alfajiri tumbo likiwa tupu ili wapate namba nzuri. Namba ni nzuri kweli, lakini gauni litavaliwa ukumbini, kwenye pilau na soda. Anayenyonyesha apime kifua kabla ya kumnyonyesha mtoto, maziwa yakiwa yamejaa, kwa kuwa gauni lenye nafasi kidogo linavalika na la kubana kifua halivaliki.

Simama mbele ya kioo kirefu, pekupeku, miguu imekaribiana, uzito sawa kwenye miguu yote miwili. Ukiegemea mguu mmoja, nyonga moja inapanda na futi inalala mshazari. Kioo kinachoonyesha uso na mabega tu hakitoshi, unahitaji kuona futi ikikaa kiunoni na kwenye makalio. Mabega yawe yametulia, usijikaze kama unaenda kupigwa picha.

Anza na kiuno

Watu wengi huanza na kifua kwa sababu ndicho cha kwanza kuandikwa kwenye daftari la fundi. Ukiwa peke yako, anza na kiuno. Ndicho kipimo ambacho mahali pake panasumbua, na ukishapapata panakusaidia kupata mahali pa hipsi.

Kiuno cha gauni si pale unapofungia suruali, wala si kitovuni. Ni pale mwili unapokuwa mwembamba kuliko kote kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, na kwa wanawake wengi panakuwa juu kidogo ya kitovu. Kupapata, chukua lastiki nyembamba ya kushonea, ile ya kuweka kwenye kiuno cha sketi, izungushe tumboni na uifunge iwe imeshika bila kukata nyama. Sasa inama ubavuni, kulia halafu kushoto, mara kadhaa. Lastiki itateleza yenyewe na kutulia pale mwili unapojikunja. Hapo ndipo kiuno chako. Iache lastiki hapohapo, usiivue mpaka umalize vipimo vyote vitatu.

Kwa mwenye tumbo la mbele, au mtu ambaye mwili umeshuka moja kwa moja bila kuingia ndani, lastiki inaweza kukimbilia juu chini ya maziwa au kushuka chini ya tumbo. Hapo tumia vidole. Bonyeza ubavuni utafute mwisho wa mbavu, weka alama kwa kalamu ya wanja. Shuka utafute ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa kupimia, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza kiuno kipimwe kwa ajili ya afya. Kwa mwenye kiuno kilichoingia ndani, namba ya kliniki na namba ya fundi zinaweza kupishana, kwa hiyo usimtumie fundi ile iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Zungusha futi juu ya lastiki, ukingo wa chini wa futi ukiufuata mstari wa lastiki pande zote. Geuka ubavu mbele ya kioo uone kama futi iko sambamba na sakafu. Kisha pumua kawaida. Vuta pumzi, ishushe, na mwisho wa kuishusha, kabla hujavuta nyingine, bana mahali sifuri inapokutana na namba. Usivute tumbo ndani. Kila mtu anasema havuti, na karibu kila mtu anavuta, maana mkono ukigusa tumbo tu misuli inajikaza yenyewe. Dawa yake ni kuongea. Sema neno lolote refu kwa sauti, jitajie majina ya ndugu zako, uone futi inavyosogea. Mtu hawezi kuongea vizuri huku amebana tumbo.

Sasa suala la kubana. Futi iguse ngozi pande zote bila kuiingia. Ukiiachia kidogo ikaporomoka, imelegea. Ikiacha alama kwenye ngozi, au nyama imechomoza juu na chini yake, umebana. Namna nzuri ya kujua ni kuisogeza kidogo kushoto na kulia: iteleze kwenye ngozi bila kuivuta ngozi. Na usiweke kidole chini ya futi. Najua mafundi wengi hufanya hivyo mteja akiwa mbele yao, na kwao ni sawa, kwa sababu fundi anajua kidole chake kimeongeza kiasi gani na hataongeza tena wakati wa kukata. Wewe ukiweka kidole nyumbani, kisha fundi naye akaongeza nafasi yake, gauni la kushika mwili linakuwa gunia. Mtumie mwili wako ulivyo.

Jambo la mwisho kuhusu kusoma namba. Usiiname kuangalia tumbo. Ukiinama, tumbo linajikunja na namba inabadilika huku unaitazama. Bana kwa kidole gumba na cha shahada pale sifuri ilipokutana na namba, shikilia hapohapo, itoe futi mwilini, ndipo uilete machoni usome. Namba unayoisoma ni ile iliyokutana na sifuri yenyewe. Ukisoma pale ncha ya pili inapoishia, au ukihesabu kuanzia kistari cha 1, umeshapotea.

Hipsi: teremka zaidi ya unavyodhani

Kosa la hipsi karibu siku zote ni moja: mtu anapima juu sana. Anaweka futi kwenye mifupa ya nyonga, pale mikono inapokaa ukijishika kiuno, na anapata namba ndogo. Hipsi inapimwa mahali makalio yamejaa kuliko kote, na hapo panakuwa chini zaidi, kwa wanawake wengi inchi 7 hadi 9 chini ya kiuno.

Geuka ubavu mbele ya kioo, uone makalio yanapochomoza zaidi. Weka futi hapo, izungushe, miguu ikiwa imegusana. Ukiitanua, mapaja yanabadilika na namba inabadilika nayo. Kisha usikubali namba ya kwanza. Teremsha futi kama nusu inchi, soma. Teremsha tena, soma. Panda juu ya ulipoanzia, soma. Namba kubwa kuliko zote ndiyo hipsi yako. Kwa wengine namba inaendelea kukua hata chini ya makalio, kwenye mapaja ya juu. Hao waandike namba ya mapajani, kwa sababu sketi ya kubana lazima ipite pale, na wamwambie fundi waziwazi kuwa ukubwa wao uko chini.

Baada ya hapo pima urefu kutoka kwenye lastiki ya kiuno kushuka ubavuni hadi mahali ulipopata namba kubwa. Watu wanairuka namba hii, na kwa fundi asiyekuona ina thamani kuliko wanavyodhani. Wanawake wawili wenye hipsi 42 wanaweza kutofautiana: mmoja amejaa inchi 7 chini ya kiuno, mwingine inchi 9. Fundi akikata wote kwa 7, yule wa pili gauni lake litaelea juu na kubana chini, hata kama namba zote tatu zilikuwa sahihi.

Kama tumbo lako la chini limetokeza mbele kuliko mapaja, futi ipite juu ya tumbo hilo pia, isiingizwe chini yake. Kitambaa kitapita palepale.

Kifua, ambacho nyuma hukioni

Hapa mbele ni rahisi, nyuma ndiko kwenye kazi. Kifua kinapimwa juu ya sehemu ya maziwa iliyojaa zaidi, usawa wa chuchu, futi ikipita kwapani na kuzunguka mgongo bila kupanda wala kushuka. Shida ni kwamba ukijipima mwenyewe futi ya nyuma inaporomoka, na chini ya ile mifupa bapa ya mgongoni mwili ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo unapata namba ndogo kuliko ukweli, na mbele kila kitu kinaonekana sawa kabisa.

Fanya hivi. Shika futi kwa mikono miwili kama unajifuta mgongo kwa taulo, ipitishe nyuma, uivute mbele ikiwa juu kidogo ya mahali pake. Kisha ishushe polepole mpaka ifike usawa wa chuchu. Ikishuka kutoka juu inakaa vizuri kuliko ikipandishwa kutoka chini, kwa sababu ikipandishwa inanasa kwenye mkanda wa sidiria na kubaki hapo. Kutana mbele, katikati, na uibane kwa kibanio cha nguo au pini. Shusha mikono yote miwili. Hili ni la lazima: mikono ikiwa juu, mabega yanapanda na maziwa yanapanda nayo, na mgongo unatanuka.

Sasa geuza mgongo kwenye kioo, chukua kioo kidogo cha mkononi au kamera ya simu, uangalie futi ya nyuma. Iko usawa na ya mbele? Kama imeshuka, rudia. Mkanda wa sidiria unakusaidia hapa: futi ya nyuma inapaswa kuwa juu yake. Ikiwa imelala palepale kwenye mkanda, kwa wengi hiyo tayari ni chini mno. Ikishakaa sawa, vuta pumzi, ishushe, legeza au kaza kibanio mpaka futi iguse bila kubonyeza maziwa, kisha bana kwa vidole pale sifuri inapokutana na namba, toa kibanio bila kuachia hapo, itoe futi mwilini, ndipo usome.

Ukiwa na mtu wa kukusaidia, dada au jirani, asisimame mbele yako akikukumbatia kwa futi, maana naye haoni nyuma. Asimame ubavuni, aangalie futi mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Wewe tazama mbele tu, usishushe kichwa kuuliza namba.

Pima tena, lakini uvue kwanza

Kila kipimo kichukue mara mbili, na kati ya mara hizo iondoe futi kabisa mwilini. Ukiisoma tu mara ya pili bila kuivua, unarudia kosa lilelile. Namba mbili zikipishana kwa robo inchi, chukua kubwa. Zikipishana kwa zaidi ya nusu inchi, usitafute wastani, kwa kuwa moja kati ya hizo ina kosa na wastani utakuwa nusu ya kosa hilo. Pima ya tatu na utafute chanzo.

Tuchukue mfano wa dada anayeishi Mwanza, ambaye fundi wake yuko Dar es Salaam. Mara ya kwanza alipata kifua 37, kiuno 31, hipsi 41. Alipopima tena, safari hii mbele ya kioo, kifua kikawa 38 na robo: mara ya kwanza futi ya nyuma ilikuwa imeshuka na kulala palepale kwenye mkanda wa sidiria. Kiuno kikawa 32 na nusu, kwa sababu safari hii alipima huku akiongea na mtoto mlangoni. Hipsi ikawa 43, baada ya kuteremka hadi inchi 8 na nusu chini ya lastiki, wakati mwanzo alikuwa amepima kwenye mifupa ya nyonga. Mara ya tatu zikarudi zilezile: 38 na robo, 32 na nusu, 43. Hizo ndizo za kutuma.

Tazama kile ambacho hipsi ile ya kwanza ingefanya. Tuseme fundi anaongeza inchi 2 za nafasi kwenye hipsi ili mtu aweze kukaa na kupiga hatua. Kwa namba sahihi gauni linakuwa na 45 hapo, na kwa kuwa kitambaa hukunjwa na kukatwa robo robo, kila robo inakuwa 11 na robo, kabla ya nafasi ya mshono. Kwa namba ya 41, gauni lingetoka na 43, sawasawa na mwili wake. Lingepanda kwa taabu akiwa amesimama, na akikaa kwenye kiti cha ukumbini, mshono wa nyuma ndio unaoachia. Inchi zote 2 za nafasi zingekuwa zimeliwa na kosa la kupima.

Fundi anayeacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya ubavuni angeweza kumwokoa. Mishono ni miwili, kila mmoja una kingo mbili, kwa hiyo akiachia nusu inchi kwenye kila ukingo anapata inchi 2. Kama alikata kwa kubana ili kuokoa kitambaa, hakuna cha kuachia.

Kutuma namba zenyewe

Usitume "38, 32, 43" peke yake. Fundi anaweza kudhani umeshaongeza nafasi, au kwamba ni vipimo vya nguo iliyolazwa mezani. Andika hivi:

"Vipimo vya mwili, inchi, sijaongeza kitu. Kifua 38 na robo, nimevaa sidiria ya sponji. Kiuno 32 na nusu. Hipsi 43, iko inchi 8 na nusu chini ya kiuno. Nimepima leo."

Maneno "sijaongeza kitu" ndiyo muhimu kuliko yote hapo. Kama fundi anafanya kazi kwa sentimita, zidisha inchi kwa 2.54: 38 na robo inakuwa 97, 32 na nusu inakuwa 82 na nusu, 43 inakuwa 109. Afadhali zaidi geuza futi usome upande wa pili moja kwa moja, na usichanganye, kifua kwa inchi na hipsi kwa sentimita, hata kama unaona inajieleza.

Namba hizi tatu hazitoshi kushona gauni zima. Fundi atahitaji mabega, urefu wa mkono, urefu kutoka bega hadi kiuno, na urefu wa gauni, na mabega ni vigumu sana kujipima peke yako, kwa hayo tafuta mtu. Na kama shughuli iko mbali, miezi miwili au zaidi, pima tena wiki ambayo fundi anakata. Mwambie pia, kabla hajagusa mkasi, aache inchi moja ya akiba kila ukingo wa mshono wa ubavuni, na akioshe kwanza kitenge kama ni cha pamba, maana kipo kinachorudi kikiloa maji, na hapo hata kipimo sahihi hakitakusaidia.